Jedwali Halijui "Kwa Sababu"

Wanaodai jedwali la ukweli linapima kila kiunganishi, waje huku kwetu Kabuchai. Desemba 2020 mbunge James Lusweti alifariki. Machi 2021 uchaguzi mdogo ukafanyika. Kauli mbili, zote kweli. Ziunge kwa "na", uzipange upendavyo: bado kweli. Sasa sema uchaguzi ulifanyika kwa sababu mbunge alifariki. Kweli. Geuza: mbunge alifariki kwa sababu uchaguzi ulifanyika. Uongo mtupu! Jaribu "baada ya", mambo ni yaleyale. Mstari wa jedwali haujabadilika, kweli na kweli, ila jibu limebadilika. Kwenye kisanduku hicho utaandika nini sasa? Mimi nasema huna cha kuandika: "kwa sababu" hutaka chanzo, "baada ya" hutaka tarehe, na jedwali halina hata kimoja.