Kinamasi kikikaushwa, ni nani anapoteza?

Wakaaji wa Kalemie, nyinyi wenye kulima na kuvua kandokando ya maji, tuangalie kwanza Yala, kule Kenya, karibu na ziwa Victoria. Kinamasi kile kina karibu hektari 17,500. Mwaka 2003 kampuni ya Dominion Farms kutoka Amerika ilipewa sehemu yake na mabaraza ya Siaya na Bondo, ili ilime mpunga. Kwenye karatasi kulikuwa wakubwa tu. Lakini kinamasi kilikuwa na wenyewe wengine: mama anayekata mafunjo ya kusuka mikeka, mvuvi wa ziwa Kanyaboli, mchungaji wa wakati wa kiangazi. Hao hawana karatasi, na ndio wa kwanza kupoteza. Kampuni iliondoka mwaka 2017, ugomvi wa udongo ukabaki.

Basi, kabla mfereji haujachimbwa, tusiandike majina ya wakubwa peke yake. Tuulize: nani anatoa nini mule, mwezi gani, na akifungiwa ataenda wapi? Kwetu sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Hata hivyo, asiye na pa kwenda ndiye asikilizwe kwanza.