Ukuta wa jirani na dirisha lako: barua ya kupinga ruhusa ya kujenga inahitaji vipimo, si hasira

Katika senta kama Mulongo, mkaaji wengi wanajua kwamba jirani amepata ruhusa ya kujenga siku matofali yanaposhushwa. Hakuna mtu aliyekuja kuwauliza. Baada ya wiki chache ukuta unapita dirisha, chumba cha watoto kinakuwa giza saa nne ya asubuhi, na mwenye ujenzi anaonyesha karatasi yenye muhuri: «Niko na ruhusa ya serikali.» Hapo watu wengi wanakata tamaa, wengine wanaanza ugomvi wa mapanga. Lakini kati ya kunyamaza na kupigana kuna njia ya tatu, nayo ni barua kwa ofisi iliyotia sahihi.

Tuanze na ile karatasi yenyewe. Inchini Kongo, kazi ya ujenzi inaongozwa na dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya urbanisimu, na arete ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013 inayopanga namna ya kutoa ruhusa ya kujenga. Ruhusa hiyo inasema jambo moja: ofisi imetazama plani na imeona inafuata kanuni. Haisemi mpaka wa lupango uko wapi, wala haiondoi haki za jirani. Kwa hiyo mtu mwenye ruhusa anaweza bado kuwa na makosa, kwa njia mbili. Ama ofisi yenyewe ilikubali plani isiyofuata kanuni, ama plani ilikuwa nzuri lakini fundi amejenga kitu kingine. Barua ya jirani lazima ijue inalalamikia lipi kati ya haya mawili, kwani majibu yake si sawa. Katika hali ya kwanza unaomba ruhusa iondolewe au igeuzwe. Katika hali ya pili unaomba ofisi itume mtumishi kupima na kusimamisha kazi, na ruhusa yenyewe inakuwa shahidi wako.

Ndiyo maana hatua ya kwanza si kuandika malalamiko. Ni kuomba, kwa maandishi, namba ya ruhusa, tarehe yake, jina la kazi la aliyetia sahihi, na umbali gani ulihesabiwa kati ya nyumba na mpaka. Umbali huo unabadilika kutoka eneo moja hadi lingine, kufuatana na plani ya eneo na aina ya nyumba. Mtu anayeandika «sheria inataka mita tatu» bila kuonyesha kanuni inayosema hivyo anaipa ofisi sababu ya kuitupa barua yake.

Hatua ya pili ni kupima, na hapa ndipo barua nyingi zinaanguka. Mtu anaandika «ananifungia jua», na ofisi inajibu kwamba jua ni la Mungu. Malalamiko ya mwangaza peke yake ni dhaifu. Yanapata nguvu yanapofungwa kwenye umbali, kwa sababu umbali unapimwa kwa mita na hauna ubishi.

Tuchukue mfano. Dirisha linatazama mashariki, na katikati yake iko mita 1,2 juu ya ardhi. Jirani anapandisha nyumba ya etaji moja, ukuta mrefu wa mita 6, na kutoka dirisha hadi ukuta huo ni mita 1,5 tu. Ukuta unapita kimo cha dirisha kwa mita 4,8. Gawanya 4,8 kwa 1,5: unapata 3,2. Maana yake, ili mwangaza upite juu ya ukuta na kufika dirishani, lazima ushuke mita 3,2 kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Ni mwangaza unaoanguka karibu wima.

Sasa tazama mabati ya nyumba yako mwenyewe. Kama yanatoka nje ya ukuta sentimita 60, na ukingo wake uko mita 2,5 juu ya ardhi, basi yako mita 1,3 juu ya katikati ya dirisha. Gawanya 1,3 kwa 0,6: unapata karibu 2,2. Kila mwangaza unaoshuka kwa ukali kuliko huo unazuiwa na mabati. Ukuta wa jirani unazuia wote ulio chini ya 3,2, na mabati yako yanazuia wote ulio juu ya 2,2. Mtu aliyesimama katikati ya dirisha na kutazama mbele haoni mbingu hata kidogo. Lakini ukuta uleule ukisogezwa hadi mita 4 kutoka dirishani, hesabu inakuwa 1,2, na njia ya mwangaza inabaki wazi. Urefu wa nyumba haukubadilika, umbali tu ndio uliobadilika.

Hesabu hiyo inaingia katika mistari mitatu ya barua. Pima mbele ya sefu wa kartie na mtu mwingine mmoja, kuanzia kwenye borni za lupango na si kwenye ua wa miti, kwani ua husogea. Andika tarehe na waache watie sahihi. Ongeza kopi ya certifika ya lupango kama unayo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inaiweka certifika hiyo kuwa uthibitisho wa haki juu ya kiwanja kilichotolewa na serikali. Kwa aliyepewa ardhi na sefu wa kimila, mashahidi na barua ya sefu ndio msingi wake, na mpaka unapaswa kusafishwa kwanza kabla ya kubishana juu ya umbali.

Kisha omba vitu vitatu vilivyo wazi: mtumishi afike kupima, kazi isimame mpaka apime, na ruhusa igeuzwe au iondolewe kama kanuni imevunjwa. Barua inaenda kwa aliyetia sahihi, na kopi kwa administrata wa teritwari na kwa divizio ya urbanisimu ya jimbo kule Kamina. Usitoke ofisini bila akize, yaani kopi yako yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila akize, kisheria ni kama hukuandika.

Kwa nini tarehe ina uzito? Katiba ya 2006, katika kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, nayo inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kifungu hicho kinaongeza kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi kama hilo. Tena, mtu anayetaka tribinali ya mambo ya utawala ifute ruhusa anatakiwa kwanza awe amepeleka malalamiko kwa ofisi iliyoitoa. Barua yenye akize ndiyo mlango wa kesi hiyo.

Shida ni kwamba miezi mitatu inatosha kumaliza ukuta na kuweka mabati. Kenya ilijaribu kutatua jambo hilo mbele: sheria yake ya mipango ya mwaka 2019 inataka anayeomba ruhusa awatangazie watu ili wenye pingamizi waseme kabla ya uamuzi, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti. Kwetu, jirani analinda haki yake kwa kuandika mapema, wakati msingi unachimbwa. Kusogeza kamba ya fundi kunachukua nusu saa, lakini kubomoa ukuta wa mita 6 kunahitaji jaji, pesa na miaka.

Na kuna jambo la kujipima kabla ya kwenda ofisini. Kama nyumba yako mwenyewe imekaa juu ya mpaka, mtumishi atakayekuja na mita atapima pande zote mbili. Umbali kati ya nyumba mbili ni deni la watu wawili, na anayedai lazima aonyeshe kwamba yeye alilipa lake.