Saini za Vatikani na Pamba ya Bariadi

Kila bei ya pamba inapowavunja moyo wakulima wa Simiyu, hutokea kijana mwenye nia njema akafungua ombi mtandaoni na kunitumia kiungo: "Mwalimu, tia saini." Siku hizi sitii, na ni haki yake kuelezwa sababu.

Mwaka 2016, baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, ombi la kutaka kura ya pili, lililokuwa limewekwa kabla ya kura hiyo kwenye tovuti ya maombi ya Bunge lao, lilifurika saini. Tovuti ile ni ya Bunge lenyewe. Humtaka mtu athibitishe kuwa ni raia au mkazi, aandike msimbo wa posta, kisha abonyeze kiungo kilichotumwa kwenye barua pepe yake. Hata hivyo, saini zipatazo 77,000 zilifutwa kwa udanganyifu. Takriban 39,000 kati yake zilidai kutoka Vatikani, dola isiyofikisha wakazi elfu moja! Kiungo cha barua pepe huthibitisha kwamba anwani ipo, hakithibitishi mtu. Kioja hicho kilionekana na kila mwenye macho kwa sababu tovuti ile huchapisha idadi ya saini kwa kila nchi na kila jimbo.

Sasa tutazame Change.org, ambako vijana wetu hukimbilia. Ni ya Wamarekani, ilianza 2007 na kwa miaka mingi iliendeshwa kama kampuni. Umiliki ulihamia kwa wakfu mwaka 2021. Ukishatia saini huombwa uchangie fedha. Wengi hudhani zinamfikia mwanzilishi wa ombi, kumbe hulipia kulitangaza ombi hilohilo. Msomaji wa ukurasa huona jumla tu. Mkuu wa mkoa akiletewa saini 5,000, atatenganishaje za Itilima na za Nairobi? Akizitupa kapuni, mimi sitamlaumu.

Wapo wanaojihisi werevu zaidi: hutengeneza fomu ya bure ya Google na kudai jina, simu, hata namba ya NIDA. Hapo ndipo hasira hunipanda. Nani mwingine anafungua jedwali lile? Litafutwa lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huhesabu maoni ya kisiasa kuwa taarifa nyeti. Orodha ya watu wanaoilalamikia serikali, pamoja na namba zao za utambulisho, imekaa kwenye simu ya mwanafunzi isiyo hata na nywila.

Na mkulima asiye na barua pepe, ambaye bei ni yake, hayumo kabisa.

Nendeni kwenye AMCOS. Chukueni karatasi yenye safu tatu: jina, kijiji, saini au dole gumba. Katibu ailinganishe na daftari la wanachama, akate wasiomo, na karatasi halisi ibaki kabatini kwake. Nakala ipelekwe kwa mkono Bariadi, igongwe muhuri wa kupokelewa. Hiyo nileteeni, hata ikiwa na majina arobaini.