KARATASI YA PENSHENI INATUAHIDI NYONGEZA TUNAYONYIMWA MEZANI



Kila mwaka wadhamini wa mfuko wa pensheni wanampa kila mwanachama karatasi inayoonyesha akiba yake. Kanuni zilizowekwa chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 zinawalazimisha. Wengi wetu katika Pumwani, Majengo na Shauri Moyo hutazama mstari mmoja tu, ule wa chini ulioandikwa "Pensheni inayokisiwa ukifika miaka 60". Tukiona tarakimu kubwa tunaikunja karatasi na kuitia sandukuni. Tajiri naye anapenda iwe hivyo. Mtu aliyeahidiwa pensheni kubwa hadai mchango zaidi, wala haulizi nani aliyepiga hesabu.

Tarakimu ile si fedha. Fedha ni ile akiba iliyokwisha kuingia kwa jina lako. Tarakimu ya chini ni makisio, na makisio hayo yamejengwa juu ya nguzo mbili ambazo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi: mshahara wako utapanda kwa kiasi gani kila mwaka, na fedha za mfuko zitazaa faida kiasi gani kila mwaka. Ukitaka kujua karatasi inasema nini, anza huko nyuma.

Tumchukue mfanyakazi wa mfano. Ana miaka 40 na mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi. Yeye na tajiri wake pamoja wanachanga asilimia 15, yaani shilingi 72,000 kwa mwaka. Akiba yake imefika shilingi 1,000,000. Amebakiwa na miaka 20 ya kazi. Nyuma ya karatasi yake pameandikwa: nyongeza ya mshahara asilimia 7 kwa mwaka, faida ya mfuko asilimia 10 kwa mwaka.

Hesabu yao inakwenda hivi. Ile milioni moja ya leo, ikizaa asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 20, inakuwa kama shilingi 6,730,000. Michango ya miaka 20, ikiongezeka kila mshahara unapoongezeka na kuzaa faida ile ile, inaleta kama 6,860,000 nyingine. Jumla ni karibu 13,590,000. Theluthi moja anaichukua kwa mkupuo. Theluthi mbili zinazobaki zinanunua pensheni katika kampuni ya bima. Karatasi imekisia kwamba kila milioni moja itanunua shilingi 9,000 kwa mwezi, basi pensheni inatoka kama shilingi 81,500 kwa mwezi. Ndugu yetu anayepata 40,000 leo anaiona 81,500 na kufurahi. Amepigwa macho.

Kwanza, shilingi hizo ni za miaka 20 ijayo, hali unga ataununua kwa bei ya siku hizo. Tukumbuke mwezi wa Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Moja ya madai ya wafanyakazi ilikuwa mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi. Leo shilingi 100 haitoshi pakiti ya kilo mbili za unga. Tukikisia bei zinapanda asilimia 6 kwa mwaka, vitu vya shilingi 1 leo vitauzwa kama shilingi 3.21 baada ya miaka 20. Ile 81,500 gawa kwa 3.21: unapata kama shilingi 25,400 za leo. Na pensheni ya kununua kwa bima, isipokuwa imeandikwa kwamba itapanda, haipandi tena mpaka mtu afe.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu: nani aliona nyongeza ya asilimia 7? Karatasi yenyewe inatoa ushahidi, ukiisoma vizuri. Tuseme karatasi ya ndugu huyu inaonyesha kwamba mwanzo wa mwaka alikuwa na 860,000, katika mwaka michango ikaingia 70,000, na mwisho wa mwaka akawa na 1,000,000. Mwaka huu michango ni 72,000. Kwa kuwa mchango ni asilimia ile ile ya mshahara, kutoka 70,000 kwenda 72,000 ni kupanda kwa mshahara, na huko ni asilimia 3 tu. Sasa tazama faida. Ukijumlisha 860,000 na 70,000 unapata 930,000. Akiba ilifika 1,000,000, kwa hiyo faida ilikuwa 70,000. Michango iliingia kidogo kidogo mwaka mzima, basi ihesabu nusu yake tu: 860,000 na 35,000 ni 895,000. Faida ya 70,000 juu ya 895,000 ni kama asilimia 8. Basi katika mwaka ule ule ambao karatasi inakisia 7 na 10, mambo yaliyotokea kweli ni 3 na 8.

Mwaka mmoja hautoshi kumhukumu mtu. Chukua karatasi za miaka mitano, ufanye hesabu hii kwa kila mwaka. Mwaka wa neema nao usikudanganye. Februari 2024 serikali iliuza hati za mkopo za ujenzi kwa riba iliyozidi asilimia 18, na baadaye riba ikashuka. Mfuko ulionunua hati wakati ule ulipata vizuri, lakini haifai kukisia miaka 20 kwa kipimo cha mwaka mmoja kama huo. Uliza pia kama asilimia 10 ni kabla au baada ya gharama za wasimamizi wa mfuko. Gharama hutolewa kila mwaka, na zinakula faida kila mwaka.

Sasa tuirudie hesabu kwa ukweli wa mezani. Tukiacha faida iwe 10 lakini nyongeza ya mshahara iwe 3, pensheni inashuka kutoka 81,500 mpaka kama 70,700. Tukiishusha na faida iwe 8, inakuwa kama 52,600. Kwa shilingi za leo hiyo ni 16,400. Tazameni: hapakubadilishwa mchango, wala umri, wala kazi. Zimebadilishwa tarakimu mbili za nyuma ya karatasi, na zaidi ya theluthi ya pensheni imetoweka.

Kuna mtego mmoja zaidi. Karatasi nyingine huandika pensheni kuwa ni asilimia fulani ya mshahara wa mwisho. Kwa makisio ya tajiri, mshahara wa mwisho unakuwa kama 154,800, na pensheni ni asilimia 53 yake. Kwa hesabu yetu ya 3 na 8, mshahara wa mwisho ni kama 72,200 tu, na pensheni ya 52,600 ni asilimia 73 yake. Mtu asiyefikiri atasema 73 ni bora kuliko 53. La, ndugu. Asilimia imepanda kwa sababu mshahara umeanguka. Mshahara unaopanda kwa 3 wakati bei zinapanda kwa 6 unapungua kila mwaka: ile 72,200 ni sawa na kama 22,500 za leo, kwa mtu anayepata 40,000 sasa hivi. Asilimia kubwa ya mshahara uliokonda ni umaskini ule ule. Kwa hiyo pima pensheni kwa shilingi za leo, wala si kwa asilimia peke yake.

Mabwana wakubwa watajibu kwamba makisio si ahadi, na kwamba imeandikwa hivyo. Ni kweli, imeandikwa. Lakini katika mfuko wa akiba, makisio yakikosea hasara ni ya mfanyakazi peke yake. Zamani watumishi wengi walikuwa na pensheni iliyopigwa kwa mshahara wa mwisho, na upungufu ulimwangukia mwajiri. Mambo yamegeuzwa. Tangu Januari 2021 hata watumishi wa serikali wenye umri chini ya miaka 45 wametiwa katika mfuko wa kuchanga. Anayebeba hasara ana haki ya kuona hesabu.

Nasi tunajibu hivi. Mwezi huu tajiri anakaa mezani na Chama na kusema kampuni haina uwezo wa kutoa zaidi ya asilimia 3. Mwezi ujao anagawa karatasi inayosema mshahara utapanda asilimia 7 kila mwaka kwa miaka 20. Mdomo mmoja hauwezi kusema yote mawili. Kama 7 ni kweli, itolewe mezani. Kama 3 ndiyo kweli, iandikwe katika karatasi, watu waone uzee wao ulivyo na wadai mchango mkubwa zaidi mapema, siyo wakiwa na miaka 59.

Karatasi pia inakisia kwamba hutaachishwa kazi hata siku moja, na kwamba kila senti iliyokatwa itafika mfukoni. Kaunti nyingi, pamoja na mabaraza ya mitaa yaliyokuwako kabla ya mwaka 2013, zimedaiwa mabilioni ya michango iliyokatwa isipelekwe. Linganisha basi michango iliyo katika karatasi na makato ya hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Mchango ambao haukufika hauzai faida yoyote.

Kwa hiyo tunadai:

1. Makisio yote yaandikwe mbele ya karatasi, kando ya pensheni yenyewe, kwa herufi za ukubwa ule ule.

2. Pensheni ionyeshwe kwa shilingi za leo, na kwa njia tatu: makisio ya wadhamini, makisio ya chini, na wastani wa mambo yaliyotokea kweli katika miaka mitano iliyopita.

3. Nyongeza ya mshahara iliyokisiwa isipite ile iliyoandikwa katika mapatano ya Chama na tajiri, ila kwa sababu iliyoelezwa.

4. Faida ihesabiwe baada ya gharama.

Hatuombi hisani. Katika mfuko wa akiba wa namna hii, angalau nusu ya wadhamini huteuliwa na wanachama. Hao ni watu wetu, tuwaulize katika mkutano wa mwaka wa mfuko: makisio haya mliyapitisha lini, na kwa ushauri wa nani? Mdhamini asiyeweza kujibu, kura ijayo apishe mwingine.

Kila mwanachama aleta karatasi yake na hati za mshahara za mwaka mzima katika ofisi ya tawi. Zikikusanywa karatasi mia moja, tutakwenda mezani na tarakimu za tajiri mwenyewe mkononi.

Umoja ni Nguvu.