Karatasi ya Mishahara na Ngazi za Kodi



Baada ya darsa, mama mmoja mwenye duka la vitambaa alituletea karatasi yake ya mishahara. Muuzaji wake alikuwa amenung'unika: mwezi wa pilikapilika za Idi alifanya kazi saa 33 za ziada, na mkononi akaongezewa shilingi 1,053 na senti kidogo tu. Tukaketi naye tukaipitia karatasi safu kwa safu.

Mshahara wa msingi ni shilingi 22,500. Kwa kanuni za mishahara nchini Kenya, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 225 ili kupata ujira wa saa, nao ukawa shilingi 100. Saa ya ziada ya siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na ya siku ya mapumziko mara mbili. Binti alifanya saa 22 za kwanza na saa 11 za pili: shilingi 3,300 na 2,200. Jumla kabla ya makato ni 28,000. Hapa mama hakukosea.

Yakafuata makato: akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6, yaani 1,680, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani 770. Na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 420. Tangu mwisho wa Disemba 2024, matatu haya huondolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. Zikabaki 25,130.

Kosa lilikuwa hapa. Mama aliona kiasi kimevuka 24,000, akatoza asilimia 25 juu ya fedha zote. Sivyo. Ngazi ya kodi huigusa ile sehemu iliyoivuka tu. Shilingi 24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, nazo ni 2,400. Zile 1,130 zilizozidi ndizo zitozwazo asilimia 25, nazo ni 282 na senti 50. Kisha kila mfanyakazi hupunguziwa 2,400 kwa mwezi, basi kodi yake ni hizo 282 na senti 50. Yeye alikatwa 3,882 na senti 50.

Tofauti ni shilingi 3,600 kamili. Kila mshahara uliovuka ngazi hiyo ya kwanza, ukaishia katika ile ya asilimia 25 na kukosewa hivi, hutoa tofauti iyo hiyo, kwa hiyo ukiiona katika karatasi yako, umeshajua pa kutazama.

Tukamuuliza na lile la NSSF: je, na wewe umeongeza 1,680 zako? Kwani mwajiri hulipa sawa na mfanyakazi, kutoka mfukoni mwake, wala si halali kumkata binti sehemu zote mbili. Alikuwa amelipa, alhamdulillahi. Zile 3,600 alimrudishia binti jioni ile ile.