Salio Linalopungua Usiku

Mwezi huu tumeketi na mama mwenzetu wa Ujiji, mwuza dagaa. Jioni aliweka vocha ya shilingi 1,000 ili asubuhi awaulize wavuvi bei. Alfajiri alikuta 850, wala hakupiga simu. Maskini mwanawe alikwisha kugombezwa!

Tulisoma naye ujumbe wa zamani. Namba ya tarakimu tano ilimpongeza kwa kujiunga na mchezo wa maswali, shilingi 150 kila siku. Kwa mwezi ni 4,500. Dalili ndiyo hiyo: kiasi kilekile hukatwa kila siku, hata intaneti ikiwa imezimwa.

Usiufute ujumbe huo. Tuma neno la kujiondoa lililoandikwa ndani yake, mara nyingi ONDOA au STOP, kisha ngoja jibu. Lakini kujiondoa huzuia makato yajayo tu. Fedha iliyokwenda hairudi yenyewe. Kwa hiyo piga 100, huduma kwa wateja, uwatajie namba ile, tarehe na kiasi. Waulize ulijiunga lini na kwa njia gani, udai urejeshewe, na uandike namba ya lalamiko lako.

Wakikataa au wakinyamaza, iandikie Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ukitaja namba hiyo, kwani Mamlaka hutaka uwe umeanza kulalamika kwa kampuni. Mwenzetu amerudishiwa shilingi 600, makato ya siku nne. Zilizobaki bado anazidai.