Watu wawili wenye 3 si lazima wafanane

Mwandishi, hapo unapopima mvuto wa kingono kwa mstari wa Kinsey wa 1948, wa 0 hadi 6, sikubaliani nawe. Ule ni kama mizani: mvuto kwa wanaume ukipanda, mvuto kwa wanawake lazima ushuke. Chuoni nilijaza dodoso la namna hiyo nikapata 3, na rafiki yangu akapata 3. Lakini mimi navutiwa sana na wanaume na wanawake, yeye kidogo mno, ila sawasawa kwa wote. Tumefanana wapi? Mwaka 1980 mwanasaikolojia Michael Storms aliupa kila mvuto kipimo chake. Humo mimi niko juu kwa vyote viwili, yeye chini kwa vyote. Na nyie mnaoandika "chagua upande", hata Kinsey aliwatoa wasiovutiwa na yeyote nje ya mstari, akawapa herufi X.